Mgeni Rasmi na Roboti Iliyosimama

Mtu mmoja alikuwa na hotuba moja, nayo ilimtosha kwa miaka kumi na mmoja. Jina lake Ambakisye Mwasomola, injinia wa mitambo katika kiwanda cha chai kwenye milima ya Rungwe. Yakifika mahafali, aliitwa. Ikizinduliwa maabara, aliitwa. Aliisimulia habari ileile: kwamba yeye, mtoto wa mchuma chai, akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa, alibuni kifaa kinachopima unyevu wa majani na kuwasha hewa ya moto chenyewe, na kwamba kifaa hicho kinafanya kazi mpaka leo. Hotuba iliishia kwa maneno ambayo wanafunzi waliyanakili kwenye madaftari yao: mshindi hana visingizio, na aliyejiandaa hashindwi. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyepata kumwuliza kifaa hicho siku ya kwanza kilifanya nini.

Mwaka huo akaombwa kufungua mashindano ya roboti ya shule za sekondari, yaliyofanyika katika ukumbi wa chuo cha ualimu mjini Mbeya. Shule kumi na mbili zilileta timu. Nne zilikuwa hazijawahi kushindana. Mratibu alimwandikia kwamba hizo nne ndizo zinazomtia wasiwasi, kwa sababu timu ngeni ikiumbuka mara ya kwanza, shule hairudi tena. Akamwomba mgeni rasmi awatie moyo. Ambakisye akajibu kwamba hotuba anayo.

Siku hiyo ya Jumamosi alifika mapema, shughuli ikachelewa, naye akatembea kati ya meza kutazama. Kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa ukutani. Roboti iwekwe kwenye ubao mweupe, ifuate mstari mweusi wa utepe kupita kona tano, mwishoni isukume kipande cha mti hadi ndani ya mraba. Kila timu ina zamu mbili, kila zamu dakika tatu, na zamu iliyo bora ndiyo inayohesabiwa. Chini yake kulikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari: roboti ikishakaguliwa, mtu mzima yeyote asiiguse wala asitoe ushauri hadi mwisho wa mashindano.

Kwenye meza ya mwisho, karibu na madirisha, walisimama wanafunzi watatu wa shule moja ya kata. Aliyekuwa kiongozi wao ni binti anayeitwa Tusekile. Wenzake walikuwa Lugano, msichana mwembamba mwenye daftari, na Ipyana, mvulana aliyekuwa amechonga mwili wa roboti kwa mbao nyembamba. Roboti yao ilikuwa na magurudumu mawili, kila moja na mota yake. Mbele, kwa chini, ilikuwa na vihisi viwili vinavyotofautisha weupe wa ubao na weusi wa mstari. Juu ilikaa bodi ndogo yenye programu, ambayo wao waliiita ubongo. Betri nne ziliwekwa katika kisanduku kimoja, nazo zililisha vyote, ubongo na magurudumu.

Tusekile aliiweka kwenye ubao wa mazoezi akawasha. Taa ya bodi ikawaka. Magurudumu yakashtuka, taa ikazima, roboti ikasimama. Baada ya kitambo taa ikawaka tena yenyewe, magurudumu yakashtuka tena, ikazima. Iliendelea hivyo kama mtu anayesinzia ibadani. Timu ya meza ya jirani, ambayo ilikuwa imeshiriki miaka mitatu mfululizo, iligeuka kutazama, halafu kwa adabu ikageukia upande mwingine. Adabu ile iliwauma watoto kuliko kicheko.

Ambakisye alijua tatizo kabla ya taa kuzima mara ya tatu. Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta umeme mara nyingi kuliko inapokuwa imeshashika kasi. Betri ndogo zikivutwa namna ile hushuka nguvu ghafla, ubongo unakosa chakula kwa nukta moja, unazima, kisha unaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza umewashwa. Ukianza upya unayaamuru tena magurudumu, na magurudumu yanaunyima tena. Alifungua kinywa. Akaliona lile sharti ukutani. Akakifunga.

Nyuma yake alisikia sauti ya mwanamke. Alikuwa Hobokela, mwalimu wa fizikia wa watoto wale, akizungumza na mratibu kwa sauti ya chini.

"Samahani, mwenzangu. Tukiliondoa jina letu sasa hivi, tutaandikwa kwamba tumeshindwa, au kwamba hatukuja?"

Mratibu akamwuliza kwa nini waondoke ilhali wamesafiri tangu alfajiri.

"Shuleni ilifanya kazi," alisema Hobokela. "Wazazi waliiona. Nisingependa hawa watoto wajifunze leo kwamba kitu hiki si cha watu kama wao."

Hakuwa mtu mwoga. Alikuwa mwalimu aliyewapenda wanafunzi wake, akitafuta mahali pa kuwaficha. Mratibu akamsihi angalau angoje hotuba ya ufunguzi.

Basi Ambakisye alipanda jukwaani na karatasi zake tatu. Kwenye safu ya mbele alikaa meneja wa kiwanda chake, kwa sababu kiwanda ndicho kilichotoa mbao na meza. Ambakisye akasalimu, akaanza. Alisoma kuhusu mtoto wa mchuma chai. Alisoma kuhusu kifaa. Alipofika kwenye maneno kwamba aliyejiandaa hashindwi, aliinua macho, kama alivyozoea, ili ayatamke akiwatazama vijana. Akamwona Ipyana akivua sweta la shule. Kijana aliifunika roboti kwa sweta lile, akaisukuma chini ya meza kwa mguu, polepole, asije akaonekana.

Ambakisye akanyamaza. Ukumbi ukadhani amepoteza mstari. Mratibu akamletea maji, naye hakuyanywa. Alikuwa akikumbuka sweta jingine, yaani neno alilolitumia yeye kufunika kosa la kifaa chake, na mtu aliyekaa chini ya neno hilo kwa miaka ishirini na tisa.

"Siku ya kwanza," alisema, "kifaa changu kilishindwa."

Kisha aliwasimulia, bila karatasi.

Majani mabichi ya chai, aliwaambia, hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni hupitisha hewa chini yake mpaka yanyauke. Hewa ikizidi joto, majani hukauka ncha na chai huharibika. Ikipungua, hayanyauki. Siku zile mfanyakazi wa zamu, usiku au mchana, alikuwa akipita akiyaminya majani kwa mkono na kufungua au kufunga hewa ya moto. Yeye akatengeneza kihisi cha unyevu cha kufanya kazi ile. Alikijaribu usiku saba, na usiku wote saba kilifanya vizuri. Akawaita wakubwa waje mchana kukiona. Wakubwa walikuja na wageni wao, na kwa heshima yao milango mikubwa ya ukumbi ilifunguliwa wazi. Kihisi kiliita hewa ya moto, kikaendelea kuiita, hakikukoma. Ilipofika jioni, kitanda kizima cha majani kilikuwa kinavunjika kama karatasi kuukuu.

Wakubwa wakauliza nini kimetokea. Zamu ile ilikuwa ya Asegelile Mwambungu, mmoja wa waliokuwa wakiminya majani kwa mkono.

"Nikasema Mzee Asegelile amegusa mpangilio," alisema Ambakisye. "Sikumwona akigusa. Nilisema kwa sababu palihitajika kusemwa kitu, na yeye hakuwa na cheti. Wakamtoa kiwandani wakamrudisha shambani kuchuma. Baada ya wiki tatu ndipo nilipogundua. Nilikuwa nimekitundika kihisi karibu na mlango. Usiku milango inafungwa, kwa hiyo kilipima hewa ya ukumbini. Mchana ule milango ilikuwa wazi, ukungu wa nje ukaingia, nacho kikadhani majani yote bado mabichi. Kihisi hakikusema uongo. Kilisema kweli ya pale nilipokitundika. Mwongo alikuwa mimi."

Meneja alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nilikihamisha kikakaa katikati ya kitanda, kikafanya kazi, nikapata jina. Mzee Asegelile sikumrudia. Nimewasomea watoto wa watu miaka kumi na mmoja kwamba aliyejiandaa hashindwi, na kila nilipoisoma hotuba hiyo kuna mtoto aliyeondoka akiamini kwamba kilichomshinda ni yeye, si waya. Leo kuna timu nne hapa zimekuja mara ya kwanza. Roboti zenu huenda zikasimama mbele za watu. Ikisimama, msiifunike. Itazameni. Jiulizeni ilifanya nini kabla tu ya kusimama. Liandikeni hilo, hata kama ni dogo. Badilisheni kitu kimoja tu, siyo viwili, maana mkibadilisha viwili hamtajua kipi kimeponya. Kisha muiwashe tena. Na mkitafuta kosa, litafuteni ndani ya mashine, msilitafute katika uso wa mwenzenu. Nimefungua mashindano."

Makofi yalikuja kwa kuchelewa, nayo yalikuwa machache. Hayakufanana na yale aliyoyazoea. Aliposhuka, meneja alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba Jumatatu asubuhi apite ofisini kwake. Ambakisye akaitikia, akakaa.

Mwalimu Hobokela hakuliondoa jina.

Timu ya Tusekile iliitwa ya nne. Binti aliweka roboti mwanzoni mwa mstari, akawasha. Ikashtuka ikazima. Ikawaka, ikashtuka, ikazima. Ipyana alinyoosha mkono aichukue.

"Iache," alisema Tusekile. "Bado tuna dakika mbili. Tuitazame."

Wakainama pande tatu za ubao, mbele ya watu mia mbili, wakaitazama ikishindwa. Lugano aliandika. Tusekile aliinyanyua kidogo, magurudumu yakaning'inia hewani, na hapo yakazunguka vizuri na taa haikuzima. Akaishusha, ikazima. Akainyanyua, ikazunguka. Kengele ya muda ilipolia walikuwa na alama sifuri na mistari mitano kwenye daftari. Mstari wa mwisho ulisema: ikibeba uzito wake inazima, ikiwa hewani haizimi, na inazima pale magurudumu yanapoanza tu.

Hobokela alikaa mbali nao kama sharti lilivyotaka, ameyashikilia magoti yake. Aliweza kuisoma mistari ile mitano hata bila kuiona, kwa kuwatazama tu walivyokuwa wakibishana. Kwanza Ipyana alilaumu programu. Lugano akamjibu kwamba programu haijui kama gurudumu liko hewani au chini. Kisha Tusekile akaweka kidole juu ya kisanduku cha betri.

Walikuwa na kisanduku kingine cha betri nne cha akiba, na sheria iliruhusu kutumia chochote kilichokuwa ndani ya boksi lao wakati wa ukaguzi. Wakakubaliana kubadilisha kitu kimoja: betri za zamani zilishe magurudumu peke yake, na hizi mpya zilishe ubongo peke yake. Ipyana akafungua vifungo, akahamisha nyaya, akakaza. Wakawasha. Taa ikawaka na kubaki inawaka, lakini sasa magurudumu hayakusogea hata kidogo. Ipyana akamtazama Lugano, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa na maneno makali. Hakuyasema. Alichukua daftari akachora njia ya umeme, kutoka betri hadi ubongo, kutoka ubongo hadi kifaa kinachoendesha mota, kutoka hapo hadi betri. Mchoro ulikatika mahali pamoja. Betri hizi na zile hazikuwa na waya mweusi unaoziunganisha, kwa hiyo amri ya ubongo ilitoka bila kuwa na njia ya kurudi, na upande wa magurudumu haukuwa na cha kuilinganisha nacho. Wakaunganisha nyaya mbili nyeusi. Magurudumu yakazunguka.

Zamu ya pili iliitwa jua likiwa limepanda. Tusekile aliweka roboti mwanzoni, akawasha, akarudi nyuma hatua moja. Roboti ikaondoka. Kwenye mstari ulionyooka iliyumba kushoto na kulia, kila kihisi kikiona weusi na kuirudisha njiani. Ikafika kona ya kwanza, gurudumu la ndani likapunguza mwendo, ikakata. Ikafika kona ya pili, ikakata. Hobokela alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Kabla ya kona ya tatu ilikuwepo sehemu ya ubao ambayo jua la dirishani lilikuwa limeiangukia. Roboti iliingia kwenye mwanga ule, ikaacha mstari kana kwamba haupo, ikaenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa ubao, ikaanguka. Mwili wa mbao aliouchonga Ipyana ukavunjika kipande kwenye kona.

Ukumbi ulitoa mguno mmoja wa huruma. Ipyana aliokota kile kipande. Tusekile hakuifuata roboti. Alikwenda pale ubaoni palipokuwa na jua, akaukinga mwanga kwa kiganja, akautazama utepe ukiwa kivulini, akaondoa kiganja, akautazama uking'aa.

"Ni jua," aliwaambia wenzake. "Lina mwanga uleule ambao vihisi vyetu vinautafuta. Pale juani mweusi na mweupe ni kitu kimoja kwao."

Lugano akaandika.

Wakawa wa kumi kati ya timu kumi na mbili. Walipewa alama za kona mbili, wakapeana mikono na waamuzi, wakafunga boksi lao. Njiani kurudi shuleni, Hobokela aliwasikia wakibishana kuhusu kivuli: wavivalishe vihisi kofia ya karatasi nyeusi, au wafundishe programu kupima mwanga wa mahali kabla ya kuondoka. Ubishi ule ulidumu mpaka gari lilipofika, na hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa lolote. Hobokela aligeuza uso kuelekea dirishani. Alilia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Ambakisye hakungoja Jumatatu. Jumapili baada ya ibada alipanda hadi kwa Mzee Asegelile, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na sita, akiishi kwa migomba yake na ng'ombe wawili. Alimkuta akikata majani ya mgomba kwa ajili ya mifugo. Alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akamtolea kigoda kama anavyotolewa mgeni yeyote. Ambakisye hakukikalia. Alisema aliyokuja kusema akiwa amesimama, na aliyasema yote, pamoja na wiki tatu na mlango.

Mzee aliendelea kukata mpaka fungu lilipotosha. Ndipo alipomjibu.

"Mlango niliujua siku ileile. Nilikuwa nimeupa mgongo, baridi inanipiga hapa mabegani, na kile kidude chako kinaning'inia mbele ya pua yangu. Nilimwambia msimamizi. Akaniuliza, wewe ni injinia?" Aliweka panga chini. "Basi nikangoja useme wewe. Nilidhani ni kazi ya siku mbili tatu."

Ambakisye aliinamisha kichwa. Mzee hakumwambia kwamba amemsamehe, wala hakumfukuza. Alimsukumia kigoda karibu zaidi kwa mguu, na safari hii Ambakisye akakaa. Wakala ndizi pamoja, wakiongea machache. Mzee alitaka kujua ni nini hasa kiliwapata wale watoto walipofika juani, naye Ambakisye alimweleza jinsi vihisi vinavyoona, na mzee akatikisa kichwa akasema ni kitu kilekile, mtu ameuliza mahali pasipofaa akajibiwa kweli.

Jumatatu meneja alimsikiliza Ambakisye kwa saa nzima. Iliandikwa barua ya kumwondolea Asegelile lawama, ikasomwa mbele ya wafanyakazi wa zamu zote tatu. Injinia alipewa onyo. Hakualikwa mahali popote mwaka uliofuata, isipokuwa katika ukumbi wa chuo cha ualimu, ambako timu zote nne ngeni zilikuwa zimerudi.

Nanyi wazazi, walimu na viongozi mnaokaa meza za mbele, mnaotaka watoto wawaonyeshe makosa yao bila woga: ni lini mtoto aliwasikia mkilitaja kosa lenu, na ni nani hadi leo anachuma shambani kwa ajili ya kosa hilo?